Barua ya wazi kwa Kaunti ya Kisumu na KEBS: Ni nani aliyeibandika hii K?

Kwa Waziri wa Biashara wa Kaunti ya Kisumu. Kwa Waziri wa Afya wa kaunti pamoja na maafisa wa afya ya umma. Na kwa ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Waheshimiwa,

Mimi ni mwenye duka la vifaa na viambato vya kuokea hapa mjini Kisumu. Wateja wangu ni akina mama wanaooka keki za harusi majumbani, hoteli ndogo ndogo, na wapishi wa shule za bweni. Wananunua kwangu jelatini, chokoleti ya kuyeyusha, unga wa maziwa, rangi na vanila, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutoka nje ya nchi. Hufika zikiwa na alama za dini: herufi U ndani ya duara, K ndani ya duara, K iliyosimama peke yake, neno halali kwa herufi za Kiarabu. Nawaandikia kuhusu alama hizo, na hasa zile zinazowekwa hapa hapa nchini baada ya gunia la ng'ambo kufunguliwa na bidhaa kupakiwa upya.

Mtu anaweza kudhani kwamba alama ya kosheri, yaani hizo U na K za chakula kinachokubaliwa na sheria ya Kiyahudi, inamhusu Myahudi peke yake, na Wayahudi Kisumu ni wa kuhesabu. Kwenye kaunta yangu karibu wote wanaoitafuta si Wayahudi. Wasabato wa Kendu Bay, Nyamira na Kisii wanaitafuta kwa sababu hawali nguruwe, wala samaki asiye na magamba kama mumi. Waislamu wengine wanaikubali pale wasipoona ya halali. Wahindi wasiokula nyama wanaulizia neno Pareve, la bidhaa ya kosheri isiyo na nyama wala maziwa, na wazazi wenye watoto wasiovumilia maziwa wanaulizia hilo hilo. Watu wa imani nne wanasoma herufi moja, kila mmoja kwa shida yake, na hakuna afisa aliyewahi kuwaeleza herufi hiyo inaahidi nini na inanyamazia nini.

Niwape mfano mmoja kwa ukamilifu. Msambazaji mmoja aliniletea jelatini katika pakiti za gramu 100. Simtaji, kwa kuwa shida hii haiko kwake peke yake. Lebo ilikuwa safi na imechapishwa vizuri. Chini ya jina la bidhaa palikuwa na K tupu, bila duara wala jina la shirika lolote, na kando yake neno halali ndani ya duara la kijani, nalo pia bila jina la aliyelitoa. Orodha ya viambato ilikuwa na kitu kimoja tu: jelatini (E441). Aliyepakia alitajwa, kampuni ya hapa Kenya. Kiwanda kilichoitengeneza hakikutajwa, wala nchi ilikotoka.

Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya mnyama baada ya kuilowesha kwa asidi au kwa chokaa. Mnyama huyo anaweza kuwa ng'ombe, nguruwe au samaki. Unga unaotoka ni ule ule mweupe unaokaribia umanjano, na anayeutazama kwa macho hawezi kuujua asili yake. Ndiyo maana mteja anategemea alama kwenye bidhaa hii kuliko karibu kila kitu kingine dukani kwangu.

Niliomba vyeti. Jibu la kwanza lilikuwa kwa simu: "Mama, hiyo ni kosheri, si unaiona hapo?" Niliposhikilia kwamba siuzi bila karatasi, zikaja picha mbili kwa simu.

Ya kwanza ilikuwa barua ya kosheri kutoka shirika la ng'ambo, na kwa kuitazama ilionekana ni barua ya kweli. Ilitaja kiwanda, jina la bidhaa, chapa, tarehe ya mwisho na sharti la matumizi. Bidhaa iliyotajwa ilikuwa jelatini ya samaki. Sharti lilisema kwamba barua inahusu bidhaa ikiwa tu imo ndani ya gunia la kilo 25 lenye alama ya shirika hilo. Tarehe ya mwisho ilikuwa imeshapita. Picha ya pili ilikuwa cheti cha halali kutoka nchi nyingine, cha kiwanda kingine kabisa, na bidhaa iliyotajwa humo ilikuwa jelatini ya ng'ombe.

Pakiti moja, basi, ilikuwa inatembea na vyeti vya wanyama wawili tofauti. Kama ndani yake mna jelatini ya samaki, cheti cha halali hakiihusu. Kama mna ya ng'ombe, barua ya kosheri haiihusu. Kama zimechanganywa, hakuna cheti hata kimoja kinachozungumzia mchanganyiko huo. Na kama ni ya mnyama wa tatu, hakuna chochote kwenye lebo ambacho kingetufumbua macho, kwa sababu E441 haisemi jelatini imetokana na nini.

Waheshimiwa, najua jibu ambalo ofisi ya serikali hupenda kulitoa hapa: mambo ya dini hayatuhusu, nenda kwa sheikh au kwa mchungaji. Lakini angalieni pakiti hii kwa macho ya afisa wa afya tu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinaweka samaki na bidhaa zitokanazo na samaki katika kundi la vyakula vinavyosababisha mzio, ambavyo sharti vitajwe kila mara. Kama jelatini ile ni ya samaki kama barua inavyosema, lebo isiyotaja samaki ina kasoro kwa mtu mwenye mzio wa samaki, awe ana dini au hana. Na kama si ya samaki, K iliyopo pale imetolewa kwenye barua ya bidhaa nyingine. Ukiifuata kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, lebo inaanguka, na hujaingia msikitini, kanisani wala sinagogi kuiangusha.

Kiwango hicho hicho kina kipengele ambacho wateja wangu wengi hawakijui: mafuta ya nguruwe na mafuta ya ng'ombe lazima yaandikwe kwa jina lake kila mara, wala haitoshi kuandika "mafuta ya wanyama". Kipengele hiki ni kizuri, lakini kinaishia kwenye mafuta. Jelatini haimo. Kile kiungo kinachoandikwa E471, kinachofanya mikate ikae laini na aiskrimu isigande vipande, hakimo pia, ingawa kinaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama. Hapo ndipo pengo lilipo, na alama ya dini imekuja kuliziba kwa sababu sheria ya lebo imeliacha wazi.

Mtu atasema tupeleke sampuli maabara. Maabara inaweza kusaidia kidogo. Vipimo vya vinasaba humpata nguruwe kwenye soseji bila shida kubwa, lakini jelatini imechemshwa na kuloweshwa kwa kemikali mpaka vinasaba vingi vimevunjika, kwa hiyo kipimo kinachoaminika zaidi ni kile cha kuchambua vipande vya protini, ambacho ni ghali. Hata hicho kikikwambia kwamba huyu ni ng'ombe, kimefika mwisho wake. Hakuna mashine inayoweza kusoma kwenye unga kama ng'ombe yule alichinjwa vipi, na nani, na kama jina la Mungu lilitajwa. Jambo hilo linajulikana kwa njia moja tu, nayo ni mnyororo wa watu na karatasi kuanzia machinjioni hadi kwenye pakiti. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, kilichobaki ni wino.

Ili muone mnyororo ulivyo, tuchukue alama ya kosheri inayojulikana zaidi, ile U ndani ya duara. Ni mali ya shirika la Marekani liitwalo Orthodox Union, ambalo limekuwa likithibitisha vyakula tangu miaka ya 1920. Shirika likikubali kiwanda, hutengenezwa orodha mbili. Moja ni ya viambato vyote vinavyoruhusiwa kuingia kiwandani, kila kimoja pamoja na jina la aliyekiuza. Ya pili ni ya bidhaa zinazoruhusiwa kutoka na alama. Mkaguzi huja bila taarifa, hulinganisha stoo na orodha ya kwanza, kisha lebo na orodha ya pili. Kwenye machinjio ya kosheri wachinjaji na wasimamizi huwepo kazi yote. Kwenye kiwanda cha viambato vya kawaida huenda mkaguzi akaja mara chache tu kwa mwaka. Mtambo uliotumika kwa kitu kisicho kosheri husafishwa, huachwa bila kazi kwa saa 24, kisha hupitishwa maji yanayochemka kabla ya kurudishwa kazini. Nyama na divai, kwa kuwa ni rahisi kubadilishwa njiani, husafirishwa zikiwa na lakiri mbili.

Yote hayo yanafanyika kiwandani. Hakuna hata moja linalofanyika kwenye chumba cha kupakia upya cha hapa kwetu, ambako gunia la kilo 25 linafunguliwa, unga unachotwa kwa koleo lile lile lililochota bidhaa nyingine asubuhi, na lebo inachapishwa na fundi wa michoro aliyeambiwa aongeze K kwa sababu gunia lilikuwa nayo. Barua ya kosheri inaposema "ndani ya gunia lenye alama", haisemi kwa mapambo. Inaeleza mahali ambapo shirika linaacha kuwajibika.

Hiyo ndiyo sababu naitenganisha bidhaa iliyofungwa kiwandani na iliyopakiwa upya. Biskuti iliyofungwa kiwandani ikiwa na U ndani ya duara iliyochapishwa pamoja na lebo yenyewe, mteja anaweza kuikagua mwenyewe: tovuti ya oukosher.org ina sehemu ya kutafutia bidhaa kwa chapa na jina. Aangalie jina kamili pamoja na ladha, kwa sababu ladha moja inaweza kuwa na cheti na nyingine isiwe nacho. Aangalie pia kwamba alama iko kwenye pakiti aliyoishika mkononi. Chapa kubwa hutengenezwa katika viwanda vya nchi mbalimbali, na picha ya mtandaoni yenye alama haiipi alama pakiti ya Kisumu iliyotoka kiwanda kingine. Alama ikiwa kwenye stika iliyobandikwa juu ya lebo ya awali, hapo namshauri mteja airudishe rafuni mpaka muuzaji aonyeshe karatasi.

K tupu ni habari nyingine. Alama kama U ndani ya duara ina mwenyewe aliyeisajili, na anayeitumia bila ruhusa anaweza kushtakiwa na mwenyewe. Herufi ya alfabeti iliyosimama peke yake haina mwenyewe. Kampuni yoyote inaweza kuichapisha. Sisemi kila K tupu ni ya uongo. Ziko kampuni kubwa zinazoitumia zikiwa na rabi anayezisimamia kweli kweli, na ukiandika kuuliza unapewa jina lake. Ila marabi nao hawakubaliani juu ya kila kitu, na jelatini ni mojawapo ya mambo waliyovutana sana: Orthodox Union inataka itoke kwa samaki wa kosheri au kwa mnyama aliyechinjwa kikosheri, ilhali wapo waliowahi kuruhusu hata ile ya mnyama ambaye hakuchinjwa hivyo, kwa hoja kwamba mifupa na ngozi iliyokauka na kugeuzwa kwa kemikali si chakula tena. Msabato anayeiona K tupu kwenye jelatini na kuhitimisha kwamba hamna nguruwe, basi, anaweka uzito kwenye herufi isiyoweza kuubeba.

Upande wa halali mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Hakuna ofisi moja ya dunia nzima. Malaysia ina JAKIM, Indonesia ina BPJPH, hapa kwetu kuna Kenya Bureau of Halal Certification, na kila moja ina masharti yake. Uingereza peke yake ina mashirika mawili makubwa yasiyokubaliana: HMC haikubali mnyama kupigwa ganzi ya umeme kabla ya kuchinjwa, HFA inaikubali ikiwa mnyama angeweza kuzinduka. Nyama za pande zote mbili zimeandikwa halali, na mnunuzi anayejua anachokitaka anaweza kuchagua, kwa kuwa jina la shirika lipo. Duara la kijani lenye neno halali bila jina halimpi nafasi hiyo. Nalo doa la kijani kwenye bidhaa za India, ambalo wengi hapa hulidhania kuwa la dini, ni tamko la mtengenezaji linalotakiwa na sheria ya India kwamba hamna nyama, samaki wala mayai. Maziwa yanaruhusiwa, na vitunguu pia, jambo ambalo wateja wangu Wajaini huliangalia wenyewe.

Sasa nigeukie kile ambacho hata alama ya kweli kabisa haiahidi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakiumia bila mtu yeyote kudanganya.

Chupa ya dondoo halisi la vanila kutoka Marekani huwa na pombe angalau asilimia 35 kwa ujazo. Sheria ya kule ndivyo inavyolitafsiri dondoo la vanila. Likiwa na pombe pungufu ya hapo haliruhusiwi kuitwa hivyo. Chupa hiyo inaweza kuwa na U ndani ya duara bila kasoro yoyote, kwa sababu pombe si haramu katika kosheri. Divai ya kosheri ipo na inanywewa kwenye ibada. Mwislamu aliyezoea kuichukua alama ya kosheri kama mbadala wa halali anaichukua chupa hii kwa imani njema. Msabato naye, ambaye hanywi pombe, hali kadhalika. Alama haikumdanganya yeyote. Ilijibu swali la mtu mwingine.

La pili ni maziwa, na hili naomba maafisa wa afya walisome mara mbili. Neno Pareve linamaanisha bidhaa haina nyama wala maziwa kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi. Mayai na samaki wanaweza kuwemo. Herufi D baada ya alama inamaanisha kuna maziwa, au mara nyingine kwamba bidhaa imepita kwenye mtambo wa maziwa ingawa orodha ya viambato haina maziwa. Sheria hiyo ina kanuni ya kale kwamba kitu kilichoangukia chakula kwa bahati mbaya, kikiwa chini ya sehemu moja kwa sitini, mara nyingi huhesabiwa kuwa kimepotea. Hairuhusu mtu kukitia makusudi. Lakini pigeni hesabu: sehemu moja ya sitini ya chokoleti ya gramu 100 inazidi kidogo gramu moja na nusu. Kwa imani hilo linaweza kusameheka. Kwa mtoto mwenye mzio mkali wa maziwa, miligramu chache zinaweza kumpeleka hospitali. Mzazi anayenunua chokoleti ya Pareve kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo anahitaji onyo la mzio lililoandikwa na mtengenezaji. Rabi hakupima kwa ajili ya mzio, na hakudai amepima.

Wala alama hizi hazisemi lolote juu ya sumukuvu, bakteria au tarehe ya kuharibika. Mwongozo wa Codex wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya neno halali unaonya waziwazi kwamba dai hilo lisitumike kutia shaka usalama wa vyakula vingine, wala kudai kwamba chakula cha halali kina lishe bora au afya zaidi. Hapa mjini nimeona matangazo ya bidhaa yakifanya hivyo hivyo. Stika ya ISM ya KEBS, kwa upande wake, inahusu viwango vya bidhaa iliyoingizwa nchini. Haithibitishi dai la dini. Wauzaji wengine huwaonyesha wateja stika hiyo kana kwamba serikali imeikagua K. Mkikaa kimya, mnawasaidia.

Ninachowaomba hakihitaji sheria mpya. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti wanaouzia umma chakula, na pia kusimamia biashara ya haki. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kwa lebo inayopotosha kuhusu asili yake au viambato vyake. Jelatini niliyoieleza inagusa yote matatu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri wa Afya, maafisa wako wanapokuja madukani kutazama tarehe za kuharibika, waulize na cheti cha kila bidhaa iliyopakiwa upya yenye alama ya dini. Kazi ya kukisoma haimtaki afisa awe mwanachuoni. Atazame kama jina la bidhaa kwenye cheti ndilo lililo kwenye lebo, kama kiwanda ndicho, kama tarehe haijapita, na kama sharti la cheti linaruhusu kupakia upya. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kitakachowanasa wengi, kwa sababu ili alama iendelee kuwa na nguvu baada ya gunia kufunguliwa, chumba cha kupakia nacho lazima kiwe kimekaguliwa na shirika lenye alama na kupewa karatasi yake. Asiye nayo anaweza kuendelea kuuza jelatini yake bila kuvunja sheria. Aondoe alama tu, na aandike mnyama ambaye jelatini imetokana naye.

Mheshimiwa Waziri wa Biashara, hilo la kuandika mnyama naomba liwe sharti kwa wapakiaji wanaoomba leseni ya kaunti: jelatini ya ng'ombe, ya nguruwe, au ya samaki. Mpakiaji asiyejua gunia lake lina mnyama gani ana shida kubwa kuliko ya lebo. Sharti hili moja lingewatosha Wasabato, Waislamu na Wahindi wengi kufanya uamuzi wao bila kuhitaji alama yoyote.

Kuna jambo moja ambalo nawaomba msilifanye. Msiunde kamati ya kaunti ya kukagua dini, wala muhuri wa kaunti wenye ada yake. Nimesikia wazo hilo likipigiwa debe kwenye mkutano wa wafanyabiashara, na naliona ni njia ya kuongeza risiti. Mashirika ya kuthibitisha yapo tayari, na Huduma ya Ithibati ya Taifa, KENAS, ipo kupima kama shirika linalotoa vyeti vya bidhaa linafuata utaratibu unaokubalika. Kaunti isome karatasi za wenyewe, isijitungie zake.

Kwa KEBS nina swali ambalo nimeshindwa kupata jibu lake kwa simu. Nikikuta pakiti yenye alama ya dini ambayo cheti chake hakilingani na kilichomo, malalamiko nayapeleka kwenu, kwa afisa wa afya wa kaunti, au kwa shirika lenye alama lililo ng'ambo? Kila ofisi niliyoiuliza imenielekeza kwa nyingine. Naomba jibu la maandishi, lenye cheo cha ofisa anayepokea na anwani yake, nilibandike kaunta wateja walisome.

Pakiti za jelatini nimeziweka kando bila kuziuza, zikiwa na risiti ya ununuzi na nakala za vyeti vyote viwili. Jina la msambazaji nitampa afisa atakayekuja kuzichukua kama sampuli, mradi aniachie fomu yenye sahihi.

Wenu,
Mwenye duka la viambato vya kuokea, Kisumu